Tarakimu Iliyo Katikati ya Saba na Nane

Siku hizi bili nyingi za maji huanzia kwenye picha. Msoma mita anafunua kifuniko, anapiga picha kwa simu, kisha mwingine ofisini anaingiza namba. Huyo wa ofisini ndiye mwenye kazi ngumu, maana hana mita mbele yake.

Tuseme kaletewa picha ya mita ya nyumbani yenye tarakimu nyeusi tano na vishale vyekundu chini yake. Nyeusi zinahesabu mita za ujazo (m³), ambazo mtaani tunaziita uniti. Uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Vishale vyekundu ni vipande vya uniti, na havitozwi hadi vitimie.

Kwenye picha hii tarakimu tatu za kwanza zinasomeka bila shaka: 0, 0, 4. Ya mwisho imesimama katikati ya 7 na 8. Hapa hakuna haja ya kubahatisha, kishale chenye alama ×0.1 kitaamua. Kiko kati ya 9 na 0, yaani uniti bado haijatimia, kwa hiyo ni 7. Kingekuwa kimeshapita 0, ingekuwa 8.

Tatizo ni tarakimu ya nne. Mvuke umeganda ndani ya kioo, na kinachoonekana ni mstari uliosimama tu. Inaweza kuwa 1, inaweza kuwa 7. Mwezi uliopita mita ilisoma 00392. Ikiwa 00417, nyumba imetumia uniti 25, kama kawaida yake. Ikiwa 00477, imetumia 85.

Wengi wataandika 00417 na kuendelea. Mimi naona hilo ni kosa kubwa, hata kama namba itatokea kuwa kweli. Bomba lililopasuka chini ya ardhi linaweza kabisa kumwaga uniti 60 kwa mwezi, na anayejaza tarakimu kwa mazoea ya mwezi uliopita analificha vujo lile lile ambalo usomaji ungelifichua. Aandike alichokiona: 004?7, m³, uhakika wa chini, tarakimu ya nne ni 1 au 7, mvuke kwenye kioo. Lau shaka ingekuwa kwenye ile ya mwisho tu, na kishale kimeitatua, ningeridhika na uhakika wa wastani.

Kisha iombwe picha nyingine. Mvuke wa ndani haufutiki kwa kitambaa, hivyo mpigaji arudi saa nyingine, azime flashi na amulike tochi kutoka ubavuni, namba ya mita ionekane kwenye picha hiyo hiyo. Akiwa pale, mwenye nyumba afunge mabomba yote, na mpigaji aangalie kigurudumu kidogo chenye umbo la nyota. Kikiendelea kuzunguka, kuna maji yanayovuja baada ya mita, na ile 7 haiwezi tena kupuuzwa.