Waya Mmoja, Mikrosekunde Kumi na Tano

Kipimajoto cha DS18B20 hutuma data yake yote kwa waya mmoja. Rezista ya kiloomu 4.7 huuinua waya huo uwe na volti. Kutuma ishara ni kuuvuta chini tu.

Kompyuta ndogo, tuiite bwana, huanza kwa kuuvuta waya chini kwa angalau mikrosekunde 480, kisha huuachia. Kipimajoto kikiwapo, nacho huuvuta kidogo kuitika. Ukimya hapo maana yake hakuna kipimajoto, au waya umekatika.

Kusoma biti kuna haraka zaidi. Bwana huugusa waya chini kwa mikrosekunde moja hivi, huuachia, kisha huutazama. Ukiwa chini ni sifuri, ukiwa juu ni moja. Jibu ni la kuaminika ndani ya mikrosekunde 15 tu tangu mguso uanze, ingawa nafasi ya kila biti huchukua 60 au zaidi. Kipimajoto hakina saa sahihi, ndiyo maana bwana ndiye anayefungua kila nafasi: kosa la biti moja halirithiwi na inayofuata.

Tuseme joto ni nyuzi 25.0625, yaani `0x0191`. Bwana akikatizwa na kazi nyingine, akachelewa kutazama biti ya kumi, sifuri husomeka moja. Biti hiyo ina uzito wa nyuzi 32, hivyo unapata 57.0625. Baiti ya tisa, `CRC`, hulifichua kosa hilo, lakini programu nyingi za haraka haraka haziisomi kabisa.

Waya mrefu hukosea kinyume: hupanda polepole, na moja husomeka sifuri.