Salamu Isiyodai Jibu

Umepotea! Ndiyo salamu ya kwanza atakayopewa mtu aliyekaa kimya wiki tatu, awe Tanga, Mombasa au Unguja. Nyuma yake zinakuja nyingine: umetutupa, umeadimika kama wali wa daku, hata simu hupokei siku hizi. Ana kwa ana maneno hayo ni mapenzi. Anayeyasema anacheka huku mkono wa mwenzake umo mkononi mwake, na anayeambiwa ana jibu jepesi: nipo, shughuli tu. Utani unaishia hapo, mazungumzo yanaanza.

Kwenye simu kicheko hakisafiri. Linabaki neno lenyewe, na kwa mtu aliyenyamaza kwa sababu moyo umemlemea, “umepotea” linasomeka kama shitaka.

Wataalamu wa afya ya akili wana sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Sonona, ugonjwa wa huzuni unaodumu, hutambuliwa pale dalili zake zinapoendelea kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku. Mtu hupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, usingizi huvurugika, mwili huchoka bila kazi, na vitendo vidogo kama kuoga au kupiga simu huwa vizito. Katika orodha hiyohiyo ya dalili imo hatia iliyopita kiasi. Mgonjwa hujiona hafai, mzigo kwa watu, mwenye makosa hata asipokosea. Kwa hiyo rafiki anayeandika “mbona umenisusa?” haleti jambo jipya. Anathibitisha kile ambacho ugonjwa umekuwa ukimnong’oneza mwenzake usiku kucha.

Kimya nacho hujilisha chenyewe. Ujumbe wa Jumatatu ungejibiwa Jumatatu kwa maneno mawili. Ukilala wiki nzima, jibu linahitaji kuanza na samahani. Ukifika wiki ya tatu, samahani haitoshi tena. Inatakiwa hadithi ya yaliyotokea, na hadithi ndiyo hasa asiyokuwa na nguvu ya kuisimulia. Kila ujumbe mpya unaouliza “uko wapi, kuna nini, nijibu basi” unaongeza deni juu ya deni, mpaka mtu anaigeuza simu kifudifudi ili asione jina la rafiki anayempenda.

Swali basi ni hili: salamu gani inaweza kumfikia mtu wa namna hiyo bila kumwongezea deni?

Daktari wa akili Jerome Motto wa San Francisco, Marekani, alilijaribu jibu lake kuanzia mwaka 1969. Yeye na wenzake waliwafuatilia watu waliokuwa wamelazwa kwa sonona au kwa hatari ya kujiua. Mwezi mmoja baada ya kutoka hospitali, 843 kati yao walikuwa wamekataa au wameacha matibabu. Kwa bahati nasibu, watu hao waligawanywa makundi mawili. Kundi moja halikutafutwa tena. La pili liliandikiwa barua fupi na mtumishi aliyewahi kuzungumza na mgonjwa hospitalini: kila mwezi kwa miezi minne, kisha kila baada ya miezi miwili kwa miezi minane, kisha kila baada ya miezi mitatu kwa miaka minne. Jumla, barua 24 katika miaka mitano.

Ndani ya barua hizo hamkuwa na ushauri, wala miadi, wala swali kuhusu dawa. Zilisema kwa sentensi mbili tatu kwamba muda umepita, kwamba wahusika wanatumaini mgonjwa yu salama, na kwamba akipenda kuandika, watafurahi kusikia kutoka kwake. Akipenda. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba walioandikiwa walijiua kwa kiwango kidogo kuliko wasioandikiwa, na tofauti ilikuwa bayana katika miaka miwili ya kwanza. Baadaye ilififia. Tafiti nyingine zilizofuata hazikutoa matokeo yanayofanana zote, na barua kama hizo hazishiki nafasi ya matibabu. Lakini muundo wa barua ya Motto unabaki kuwa somo: inafika, inamtaja mtu, haimdai kitu, kisha baada ya muda inafika tena.

Wasikilizaji wa redio wa Afrika Mashariki waliijua salamu ya aina hii kwa njia yao. Enzi za kadi za salamu, mtu alijaza kadi, akaorodhesha majina ya ndugu na marafiki, akaituma studio, na mtangazaji akayasoma hewani. Aliyetajwa alisikia jina lake akiwa jikoni au shambani. Hakuna aliyemngoja ajibu. Alijua tu kwamba mahali fulani kuna mtu aliyemkumbuka hadi akakaa chini kuandika jina lake.

Kinachowazuia wengi kutuma salamu kama hiyo ni hofu ya kusumbua. Mwaka 2022, mtafiti Peggy Liu na wenzake walichapisha majaribio yaliyohusisha zaidi ya watu 5,900, ambamo baadhi waliandika ujumbe mfupi au kutuma zawadi ndogo kwa mtu ambaye hawakuwa wamewasiliana naye kwa muda. Watumaji walikisia ni kiasi gani mwenzao angethamini, na wapokeaji wakaulizwa. Watumaji walikisia chini ya ukweli. Wao waliutazama ujumbe wenyewe, kama unafaa au haufai, ilhali mpokeaji aliguswa zaidi na mshangao wa kukumbukwa ghafla.

Namna ya kuandika inaonekana vizuri zaidi kwa mfano. Tuseme ni Tanga: mwalimu wa shule ya msingi na fundi cherehani, mashoga tangu utotoni. Fundi amenyamaza wiki ya tatu. Hapokei simu, kibanda chake kimefungwa, na mchango wake wa kikoba haujafika mara mbili. Kwenye kundi la kikoba mtu ameshauliza mbele ya wanachama wote, “Fundi wetu yuko wapi?” Mwalimu ni mwanachama wa kikoba hichohicho, na hapo ndipo penye mtego: neno lake lolote linaweza kusikika kama la mdai.

Ujumbe wa kwanza anautuma Jumapili jioni, faraghani: “Shoga, leo nimeona kitenge cha njano kama kile ulichonishonea Idi. Nimekukumbuka. Usijisumbue kujibu.” Hakuna swali. Hakuna hesabu ya wiki. Kuna kitu kimoja kinachoonekana, kitenge, kinachomwambia fundi kwamba kazi ya mikono yake bado ina mtu anayeifurahia. Na sentensi ya mwisho inafuta deni kabla halijaandikwa.

Ameandika, hakutuma sauti, na hilo nalo lina maana. Kwenye WhatsApp mtu anaweza kuzima tiki za bluu akasoma kwa siri, lakini akisikiliza ujumbe wa sauti, aliyeutuma ataona kwamba umesikilizwa. Maandishi mafupi husomeka juu ya kioo bila hata kufunguliwa, na mtu aliyechoka anahitaji mlango huo wa kupokea bila kuonekana.

Siku nane zinapita. Mwalimu hapigi simu saba mfululizo. Anaandika tena: “Mvua tangu alfajiri, watoto wamefika darasani wameloa chapachapa. Nakuwaza. Ya kikoba yana siku yake, mimi nakutafuta wewe.” Lile jambo la aibu amelitaja mara moja, kwa upole, na kulitenga na urafiki. Angeliacha kabisa, fundi angedhani linasubiri nyuma ya mlango.

Wiki inayofuata anatoa kitu kinachoshikika. “Jumamosi saa 2 asubuhi naweza kupita na mbaazi na mahamri. Ukitaka nitamwachia jirani niende zangu. Niandikie ‘njoo’ au ‘siku nyingine’, yote sawa.” Wengi kwa nia njema huandika “ukihitaji chochote niambie”, wakamwachia mgonjwa kazi yote: ajue anachohitaji, apate maneno ya kukiomba, ashinde aibu ya kuomba. Mwalimu amefanya kazi hiyo yeye. Kilichobaki kwa fundi ni kuchagua neno.

Jibu linakuja usiku wa Ijumaa: “Siku nyingine.” Hapa ndipo salamu nyingi njema huharibika, kwa “kwa nini?” au kwa kimya cha kununa. Mwalimu anajibu, “Sawa shoga, nimefurahi kukusoma,” na Jumatatu anaandika tena kama alivyokuwa akiandika.

Utaratibu huu wa polepole una mpaka. Si kila kimya ni sonona. Simu huharibika, watu huuguza, na wapo ambao simu zao husomwa na mume au ndugu mkali, ndiyo maana mambo ya siri hayaandikwi. Lakini zikionekana dalili za hatari, kungoja siku nane ni kosa. Mtu anayeaga kama asiyerudi, anayegawa vitu vyake vya thamani, anayesema watu wangepumzika asipokuwepo, hafuatwi kwa ujumbe wa kitenge. Anaendewa siku hiyohiyo, na akifikiwa anaulizwa wazi, kwa sauti ya kawaida: “Umekuwa ukiwaza kujiua?” Tafiti zimeonyesha kwamba swali hilo halimpandikizii mtu wazo, mara nyingi humpa nafasi ya kushusha pumzi. Akikubali, asiachwe peke yake, mtu wa karibu aitwe, na afikishwe hospitali. Hapo hofu ya kumwonjesha hatia huwekwa kando.

Kwa fundi haikufika huko. Mwalimu alikuwa amemuuliza jirani, bila kueneza habari, akaambiwa taa yake huwaka jioni na maji anateka. Jumamosi ya pili ikaja “njoo”.

Mlango unapofunguliwa, mwalimu anazuia lile neno lililomjia mdomoni, “umekonda!” Anaweka bakuli la mbaazi mezani, anaketi kwenye mkeka. Hazungumzii wiki zilizopita. Anasimulia habari za mtoto wa darasa la pili aliyeleta kuku shuleni. Fundi anakula hamri nusu. Baada ya muda mrefu anaisogelea cherehani, anapangusa vumbi kwa upindo wa kanga, anamnyooshea mwenzake sindano.

“Nitungie uzi,” anasema. “Macho yamechoka, shoga. Wiki hizi silali.”

Mwalimu anaipokea sindano, anaulowesha uzi kwa ulimi, na hana haraka ya kuupitisha.