Jumatano ya Merikebuni, Alhamisi ya Nchi Kavu

Tarehe 9 Julai 1522 merikebu iitwayo Victoria ilitia nanga kwenye kisiwa cha Santiago, huko Cabo Verde. Mabaharia wake walikuwa wamekonda kwa njaa na chombo kilikuwa kikivuja. Kisiwa kilikuwa cha Wareno, wapinzani wa Wahispania baharini, kwa hiyo waliotumwa pwani kutafuta mchele waliambiwa waseme kwamba wanatoka Amerika. Ukweli ni kwamba walikuwa karibu kumaliza kuizunguka dunia nzima, jambo ambalo hakuna merikebu iliyokuwa imewahi kulifanya.

Humo merikebuni alikuwamo Mwitaliano mmoja, Antonio Pigafetta, aliyekuwa akiandika habari za safari kila siku. Aliwaomba wenzake waulize pwani leo ni siku gani. Walirudi na jibu kwamba ni Alhamisi. Pigafetta alishangaa, maana katika daftari lake ilikuwa Jumatano. Hakuwa ameugua hata siku moja, na hakuwa ameruka ukurasa. Hata alipofika nyumbani aliendelea kushikilia kwamba hakukosea kuhesabu.

Sisi tunaosema Kiswahili tuna sababu ya kumwelewa haraka. Jumatano ni siku ya tano ukianza kuhesabu Jumamosi. Alhamisi nayo, kwa asili yake ya Kiarabu, ni siku ya tano ukianza Jumapili. Wiki yetu ina siku mbili za tano zilizokaa bega kwa bega, na zote mbili ni sahihi, kwa kuwa kila moja imeanzia mahali pake. Daftari la Pigafetta na kalenda ya Wareno vilikuwa hivyo hivyo.

Kwa baharia wa zama zile, siku ilianza jua lilipofika utosini na kwisha lilipofika utosini tena. Katikati ya hapo muda ulipimwa kwa chupa ya mchanga, iliyopinduliwa kila nusu saa. Ukikaa mahali pamoja, kipindi hicho ni saa 24. Lakini Victoria ilikuwa ikienda magharibi, yaani ikilifuata jua. Kesho yake adhuhuri jua lilipofika pale merikebu ilipokuwa jana, merikebu haikuwapo tena, imesogea mbele, na jua lilihitaji dakika chache zaidi kuifikia. Dunia ina nyuzi 360 na huzigeuka zote kwa saa 24, hivyo kila uzi mmoja wa kwenda magharibi huirefusha siku ya baharia kwa dakika nne.

Tangu ilipotoka Sanlúcar, Hispania, tarehe 20 Septemba 1519, hadi ilipoingia tena humo tarehe 6 Septemba 1522, merikebu ilihesabu siku 1,082. Watu waliobaki nyumbani walihesabu 1,083. Ukiigawa siku moja iliyokosekana kwa siku zote za safari, unapata kama sekunde 80 kwa siku. Hakuna mtu ambaye angeweza kuzigundua sekunde hizo kwa chupa ya mchanga, ambayo yenyewe hucheleweshwa na unyevu na mawimbi, na ikabidi irekebishwe kwa jua kila adhuhuri. Na kila iliporekebishwa, zile sekunde zilimezwa pasipo mtu kujua.

Hazikumezwa kwa usawa, lakini. Miezi karibu mitano ya baridi kali ambayo merikebu zilikaa bandarini San Julián, kusini mwa Amerika, haikupunguza hata dakika moja, kwa kuwa chombo kilichotia nanga hakilifukuzi jua. Sehemu kubwa ya siku ile ilikwenda katika bahari ya Pasifiki. Waliingia humo tarehe 28 Novemba 1520 na wakaiona Guam tarehe 6 Machi 1521, siku 98 baadaye, wakiwa wamevuka nyuzi kama 140. Hizo ni saa tisa na ushei, karibu dakika sita kila siku. Walikuwa wakitafuna ngozi za mlingotini na kuwauziana panya wakati huo. Nani angeangalia dakika sita?

Kilichowaumiza walipojua ni ibada. Kama Jumatano yao ilikuwa Alhamisi ya nchi kavu, basi Ijumaa yao ya kufunga ilikuwa Jumamosi ya watu, na Jumapili yao ilikuwa Jumatatu. Kwa Mkristo wa karne ile hilo lilikuwa jambo zito, nami naona tunawadhulumu tunapolisimulia kama kichekesho.

Ajabu ni kwamba jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa. Abu al-Fida, mtawala wa Hama huko Sham na mwanajiografia, aliyefariki mwaka 1331, alieleza kisa cha watu watatu: mmoja anabaki, mmoja anazunguka dunia kwa magharibi, mwingine kwa mashariki. Wakikutana tena, wa magharibi amepungukiwa na siku moja, na wa mashariki amezidisha moja. Tuseme kwa aliyebaki ni Ijumaa. Kwa wa kwanza ni Alhamisi, kwa wa pili Jumamosi.

Zaidi ya miaka mia tano baadaye, mwaka 1841, Mmarekani Edgar Allan Poe aligeuza hesabu hiyo hiyo kuwa hadithi fupi. Kijana anataka kumwoa Kate, lakini mzee wao mkaidi anasema arusi itafungwa siku Jumapili tatu zitakapokutana katika wiki moja. Binti anawaalika manahodha wawili waliotoka kuizunguka dunia, kila mmoja kwa upande wake. Siku hiyo ni Jumapili. Nahodha aliyekwenda mashariki anashikilia kwamba Jumapili ilikuwa jana, na aliyekwenda magharibi anashikilia kuwa ni kesho. Mzee anakubali kushindwa. Ninachokipenda humo ni kwamba hakuna nahodha aliyedanganya, na wote wawili wameihesabu kila siku iliyowapitia.

Mstari wa tarehe, unaopita Pasifiki karibu na nyuzi 180 kutoka Greenwich, ndio mahali palipochaguliwa kulipa deni hilo kwa mara moja. Anayeuvuka kwenda magharibi huruka siku moja katika daftari. Anayekwenda mashariki huirudia. Pigafetta angefuta siku moja mwanzoni mwa 1521, angefika Santiago akiwa na Alhamisi yake mkononi. Baharia wa leo anayechanganyikiwa hujulikana kwa ukubwa wa kosa: akiwa anakwenda magharibi na kufika bandarini amebaki nyuma kwa siku moja, alisahau kuruka. Akibaki nyuma kwa siku mbili, alirudia siku pale alipopaswa kuiruka.

Nchi nzima nazo zimewahi kuwa katika hali hiyo. Ufilipino ilitawaliwa na Wahispania waliofika kwa njia ya Meksiko, wakija na hesabu ya siku ya upande ule, hivyo kwa karne kadhaa Manila ilikuwa siku moja nyuma ya majirani zake wa Asia. Mwaka 1844 tarehe 31 Desemba ilifutwa, na 30 Desemba ikafuatwa na Mwaka Mpya.

Samoa ilifanya vivyo hivyo mwaka 2011, ili iwe na siku moja na Australia na Nyuzilandi, inakofanya biashara nyingi. Watu walilala Alhamisi tarehe 29 Desemba wakaamka Jumamosi tarehe 31. Aliyetaka kusali Ijumaa huko wiki hiyo hakuipata.