Kidonda Kinachoanzia Mfupani

Mzee akishapooza upande mmoja kwa kiharusi, siku ya kuruhusiwa wodini familia hukabidhiwa dawa za presha na tarehe ya kurudi kliniki. Nyumbani anatayarishiwa chumba, anatandikiwa shuka safi, na majirani wanaingia mmoja mmoja kumpa pole. Haijapita wiki mbili, anayemwogesha anamgeuza na kukuta kidonda kinachonuka, kipana kama kisahani cha chai, juu kidogo ya mkato wa makalio. Wote nyumbani wanaapa kwamba juzi hakikuwepo. Mara nyingi wanasema kweli, kwa sababu madhara hayo huweza kuanzia ndani na ngozi ikachelewa kuyaonyesha.

Mtu anapolala, uzito wake hubebwa na sehemu chache ambako mfupa uko karibu na ngozi: visigino, nyonga, kisogo, viwiko, vifundo vya miguu na ule mfupa wa chini ya mgongo. Nyama iliyo kati ya mfupa na godoro hubanwa, vishipa vyake vidogo vikazibika, ikakosa damu. Sisi wazima tukibanwa hivyo tunasikia maumivu na kujigeuza, hata usingizini. Aliyepooza hawezi kujigeuza, na pengine hasikii chochote. Msuli nao hauvumilii kukosa damu kama ngozi inavyovumilia. Kwa hiyo huanza kufa kule chini, karibu na mfupa, huku juu pakionekana pazima.

Kuna na mburuto. Mgonjwa akiegemezwa mito mingi huteleza polepole kuelekea miguuni. Ngozi ya makalio hubaki imeng'ang'ania shuka, mifupa ikishuka, na vishipa vilivyo katikati huvutwa hadi vikajifunga. Ndivyo inavyokuwa pia anaposhikwa makwapani na kuvutwa juu ya kitanda. Watu wawili wakishika pande mbili za kanga iliyolazwa chini yake wakamnyanyua, mwili unasogea bila ngozi kusuguliwa.

Wauguzi hugawa vidonda hivi katika hatua 4. Ya kwanza ndiyo inayotupita, maana maelezo mengi yanasema tutafute wekundu, na kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usionekane kabisa. Kwetu sisi panakuwa peusi zaidi ya ngozi ya pembeni, wakati mwingine kama pana zambarau, tena pananga'aa. Kwa hiyo tumia mkono. Pitisha mgongo wa vidole mahali pa mfupa, kisha upitishe pembeni yake, ulinganishe. Palipoumia huwa na joto au ubaridi kuliko pengine, pagumu au pateketeke, na mwenye hisia atasema panauma. Kwa ngozi ya maji ya kunde au nyeupe, bonyeza palipoiva kwa kidole sekunde 3 hivi, kisha uachie. Pakigeuka peupe halafu rangi ikarudi, damu bado inapita. Pasipobadilika, hiyo ndiyo hatua ya kwanza. Ukimwondolea uzito mahali hapo wakati huo, pengine patapona kwa siku chache bila dawa yoyote.

Hatua ya pili ngozi huchubuka au hutoa lengelenge. Katika ya tatu kidonda kimetoboa ngozi yote na mafuta ya chini yake yanaonekana. Ya nne imefika kwenye msuli, kano au mfupa wenyewe. Kidonda cha namna hiyo hukaa miezi, na mara nyingine huhitaji upasuaji. Usidanganywe na kidogo chenye mdomo mwembamba, kwani huweza kuwa na shimo pana ndani. Palipofunikwa na gamba jeusi napo hapawezi kupangiwa hatua hadi ijulikane kuna nini chini yake. Gamba kavu, gumu, la kisiginoni huachwa lilivyo. Usilibandue nyumbani.

Turudi kwa mzee wetu, tumpangie siku. Saa 12 asubuhi analazwa ubavu wa kulia, lakini si kwa kusimamia mfupa wa nyonga. Mto unawekwa nyuma ya mgongo ili aegemee nusu, kiasi cha theluthi moja ya njia kutoka chali kwenda ubavu. Mto mwingine unakaa kati ya magoti. Saa 2 anarudishwa chali na kuegemezwa wima anywe uji, abaki hivyo nusu saa baada ya kumaliza asije akapaliwa, ndipo kichwa kishushwe. Saa 4 ni ubavu wa kushoto, ule uliopooza. Hapo muda uwe mfupi, na bega lichungwe lisilaliwe. Kila akiwa chali, mto mmoja unalazwa kwa urefu chini ya ndama za miguu ili visigino vining'inie. Pitisha karatasi chini ya kisigino. Ikikwama, mto haujakaa sawa.

Desturi hii ya kugeuza kila baada ya saa 2, usiku na mchana, aliisimamia kwa ukali daktari Ludwig Guttmann katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, kuanzia 1944, akiwatibu askari waliovunjika uti wa mgongo. Lakini saa 2 ni pa kuanzia tu. Ukimgeuza ukakuta alama, na nusu saa baadaye bado ipo, punguza muda. Akiwa na godoro zuri la sponji nzito na ngozi inaamka haina alama, usiku mnaweza kufika saa 3 au hata 4. Atalalamika, bila shaka. "Baba, tunakugeuza sasa," aambiwe kabla hajaguswa. Kwa maoni yangu zamu ya usiku iandikwe ukutani na majina, wanaume wakiwemo, kwa sababu asipotajwa mtu kazi yote itamwangukia binti mmoja au mkamwana, naye siku ya nne atapitiwa na usingizi.

Yapo mambo tunayofanya kwa nia njema yanayoumiza. Kukanda kwa mafuta mahali palipobadilika rangi huchana nyama iliyokwisha kudhoofika. Ngata ya nguo au mpira wa duara chini ya makalio huhamishia mgandamizo pembezoni na kuzuia damu kufika katikati. Glavu iliyojazwa maji chini ya kisigino haisaidii.

Unyevu nao hulainisha ngozi ikachubuka upesi. Nepi ibadilishwe mara inapochafuka, mwili uoshwe kwa maji ya uvuguvugu, ukaushwe kwa kugusagusa bila kusugua, halafu upakwe vazelini au krimu ya zinki. Nailoni iliyotandikwa kulinda godoro isiguse ngozi. Chakula kiwe na mayai, dagaa, maharage au maziwa kila siku, maana uji mtupu hauna cha kutosha kujengea nyama.

Ngozi ikishafunguka, chemsha nusu lita ya maji na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yapoe, uoshee, kisha funika kwa bandeji safi. Spiriti, hidrojeni peroksaidi na unga wa kapsuli zilizopasuliwa viache, kwani viwili vya kwanza huua nyama changa na unga huo hautibu nyama iliyokufa. Mpigie muuguzi mapema, hatua ya pili ikionekana. Usaha, harufu mpya, ngozi ya pembeni kuvimba na kuwa ya moto, homa, au mzee kuanza kuweweseka, hayo ni ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, na njiani alazwe ubavu, asikalie kidonda.