Piblisite ya Facebook: kwa nini kuigusa-gusa kunairudisha mwanzo

Mtu wa Karavia akilipia tangazo kwenye Facebook, si yeye anayepanga bei ya kulionyesha kwa kila mtu. Anaandika tu bajeti, kwa mfano dola 5 kwa siku, na anachagua anachokitafuta: watu wamwandikie kwenye WhatsApp. Kazi ingine yote inafanywa na mashini ya Meta, kampuni yenye Facebook. Siku za kwanza mashini hiyo inafanya kazi kwa kubahatisha. Inajifunza. Na wengi wanapoteza feza hapo hapo, kwa sababu wanaona matokeo mabaya siku ya pili, wanabadilisha kitu, halafu siku ya nne wanabadilisha tena.

Ili kuelewa sababu, inafaa kwanza kujua tangazo linapitia wapi. Kila mara mtu anapofungua Facebook na kuna nafasi ya tangazo, nafasi ile inapigwa mnada. Muuza keki, muuza simu na kampuni ya pombe wote wanaingia mnadani kwa mara moja, na mnada unaisha kabla mtu hajapepesa jicho. Mwenye kutoa bei kubwa si lazima ashinde. Mashini inaangalia mambo matatu: bei, ubora wa tangazo, na uwezekano wa mtu huyu mwenyewe kufanya kile kinachotafutwa. Kama inaona kijana fulani wa Kenya au Kampemba ana uwezekano mkubwa wa kuandika, inakubali kulipa zaidi ili kumpata. Kama inaona hataandika, inatoa bei ndogo ao inamwacha.

Shida iko kwenye hilo la tatu. Tangazo likiwa jipya, mashini haijui nani ataliandikia. Lazima ilionyeshe kwa watu wa aina mbalimbali, ingojee, ihesabu nani aliandika na nani alipita. Kipindi hicho ndicho Meta inakiita kwa Kifaransa « phase d'apprentissage ». Kwenye simu ao kompyuta kinaonekana ndani ya safu iliyoandikwa « Diffusion », mbele ya kile kinachoitwa « Ensemble de publicités », yaani kundi la matangazo lenye bajeti moja na watu walewale wanaolengwa. Meta inasema kundi linatoka kwenye kipindi hicho likipata matokeo karibu 50 ndani ya juma moja, kuanzia siku lilipoguswa kwa mara ya mwisho kwa mabadiliko makubwa. Mbele ya hapo, bei inapanda na kushuka, na kawaida matokeo yanakuwa ghali zaidi.

Hesabu ya muuza keki

Tuchukue mfano wa mama anayepika keki za harusi na za kuzaliwa kule Karavia, upande wa ziwa. Anaweka dola 5 kwa siku. Katika juma la kwanza anaandikiwa hivi: siku ya kwanza watu 4, halafu 7, halafu 11, halafu 6, 9, 8 na 10. Akijumlisha anapata mazungumzo 55 kwa dola 35, sawa na senti 64 hivi kwa kila mtu. Amepita 50, kundi lake limetoka kwenye kujifunza.

Lakini angalia namna alivyoziona siku hizo. Siku ya kwanza alilipa dola 1 na senti 25 kwa kila mtu. Siku ya nne, kisha kufurahi na watu 11, akaona 6 tu. Hapo ndipo mkono unawasha. Tuseme hakuvumilia: kisha siku ya kwanza akabadilisha picha, na kisha siku ya nne akabadilisha watu anaowalenga, kutoka Lubumbashi nzima kwenda wanawake wa miaka 25 mpaka 35 tu. Mashini ingeanza kuhesabu mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa na watu 4. Mara ya pili, kwa siku tatu, tuseme ikapata 17. Mara ya tatu, kwa siku tatu za mwisho, 18. Wote ni 39, kwa feza ileile ya dola 35, ni kusema senti 90 kwa kila mtu. Na hakuna hesabu hata moja iliyofika 50. Juma limeisha, mama bado yuko mwanzo.

Kwa nini inaanza upya

Wengine wanazani Meta inarudisha hesabu nyuma kwa kusudi, ili watu walipe zaidi. Sababu ni rahisi kuliko hiyo. Kile mashini ilichojifunza kilihusu kitu maalum: picha hii, kwa watu hawa, kwa lengo hili. Picha ya keki ya harusi ya gorofa tatu inavuta watu wengine, si walewale wanaovutwa na picha ya keki ndogo ya mtoto. Picha ikibadilishwa, wale 17 walioandika hawawezi tena kutoa ushahidi kuhusu picha mpya. Ni kama kuonja supu ya sufuria moja ili kujua chumvi ya sufuria ingine.

Mabadiliko ambayo Meta inayahesabu kuwa makubwa ni kubadilisha watu wanaolengwa, kubadilisha picha ao maneno ya tangazo, kuongeza tangazo jipya ndani ya kundi, kubadilisha lengo, kubadilisha namna ya kutoa bei mnadani, na kusimamisha kundi kwa siku 7 ao zaidi halafu kulifungua tena. Kubadilisha jina la kundi hakuna shida yoyote. Kwa bajeti, inategemea ukubwa. Mfano wa Meta wenyewe ni kwamba kutoka dola 100 kwenda 101 hakuelekei kurudisha mwanzo, lakini kutoka 100 kwenda 1.000 kunaweza. Ndiyo maana wenye uzoefu wanapandisha kidogo kidogo, wanangojea siku chache, kisha wanapandisha tena.

Google pia ina kipindi cha namna hii kwa wanaoiachia kazi ya kupanga bei. Huko nako hesabu inazunguka kwenye matokeo karibu 50, na inachelewa zaidi kama wateja wanachukua siku nyingi kati ya kugusa tangazo na kununua.

Siku mbaya si ushahidi

Kuvumilia kunakuwa rahisi mtu akijua kwamba namba ndogo zinayumba zenyewe. Hata kama tangazo lingekuwa sawasawa kila siku na wastani wake ni watu 10, haliwezi kuleta 10 kamili kila siku. Kwa hesabu ya bahati, karibu siku tatu kati ya nne zitaanguka katikati ya 7 na 13, na zingine zitatoka nje kabisa. Siku ya watu 5 inaweza kuja bila kosa lolote. Ukiangalia watu 4 tu, kuyumba kwenyewe ni karibu nusu ya namba. Ukiangalia 50, kuyumba kunashuka mpaka karibu 7, sawa na asilimia 14. Ndiyo maana juma moja linasema kitu, na siku moja haisemi karibu chochote.

Basi, mama wa keki afanye nini ndani ya juma lile? Ajibu WhatsApp haraka, maana mtu akijibiwa kesho yake, mara nyingi keki ameshaagiza kwingine. Ahakikishe kadi ya kulipia iko na feza, kwa sababu tangazo likisimama, siku hizo hazileti mazungumzo. Na aandike kwenye kaye kila siku: nimelipa ngapi, wameandika wangapi, wameagiza wangapi. Hiyo ya mwisho ni ya lazima. Mashini inahesabu walioanza kuandika tu, haioni keki iliyouzwa mlangoni kwa feza mkononi. Inaweza kujifunza vizuri sana kutafuta watu wanaouliza bei na kupotea. Kaye ndiyo itaonyesha jambo hilo.

Wakati wa kugusa bila kungojea

Kuvumilia si kufunga macho. Kuna makosa ambayo hayaponi kwa kungojea: namba ya WhatsApp imeandikwa vibaya, bei ya keki si yenyewe, tangazo limekataliwa, ao linaonyeshwa Kinshasa na keki iko Karavia. Hayo yarekebishwe saa ileile, hata kama hesabu inaanza upya, kwa sababu kilichokuwa kinajifunzwa ni kosa.

Kwa kukosa watu kabisa, kuna kipimo. Mama anatarajia kulipa senti 50 kwa kila mtu. Akiisha kutumia dola 1 na hakuna aliyeandika, hiyo ni bahati ya kawaida: ingetokea karibu mara moja kati ya saba. Akiisha kutumia dola 5 na bado ni sufuri, si bahati tena. Kuna kitu kimevunjika, ao tangazo haliwagusi watu hata kidogo. Hapo abadilishe, na abadilishe yote anayotaka kwa mara moja, si picha leo na maneno kesho kutwa.

Kuna tena hali ingine, pale skrini inapoandika « Apprentissage limité ». Si azabu, na tangazo linaendelea kutembea. Maana yake ni kwamba kwa namna lilivyopangwa, kundi haliwezi kufika 50 kwa juma. Mara nyingi sababu ni kugawanya: mtu ana dola 5, anatengeneza makundi matatu, moja la Lubumbashi, moja la Likasi, moja la Kipushi. Wale watu 55 wa mama wakigawanywa kwa tatu, kila kundi linabaki na 18 hivi. Akiyaunganisha kuwa kundi moja, hesabu inatosha. Kama bajeti ni ya dola 2 kwa siku, hata kundi moja halitafika, na hapo inafaa kukubali kwamba bei itayumba, ao kukusanya feza na kutangaza juma moja kwa nguvu kuliko mwezi mzima kwa kudonoa.

Kwa sababu hiyo, tarehe ya kuanza ina maana. Anayetaka kuuza keki za Bonané akiweka tangazo tarehe 28 Desemba, sikukuu itamkuta bado kwenye kujifunza. Aanze mwanzoni mwa Desemba, picha, bei na namba zikiwa zimeshakaguliwa na mtu mwingine mbele ya kulipa, na juma la kwanza aliache lipite.