Kwa nini Tanga ina watu milioni nne kwenye muhtasari wako?

Sensa ya mwaka 2012 iliupa Mkoa wa Tanga watu 2,045,205. Sasa chukua jedwali la mkoa huo kutoka kwenye ripoti ya sensa, lipakue, lifungue kwenye Excel, kisha jumlisha safu yote ya idadi ya watu kwa kubofya herufi ya juu ya safu. Utapata 4,090,410. Hakuna aliyezaliwa wala kuhamia hapo katikati. Umehesabu kila mtu mara mbili: mara ya kwanza kwenye halmashauri yake, mara ya pili kwenye mstari wa jumla ambao ulikuwa humo humo ndani ya jedwali.

Ukiliona hivi linaonekana jambo dogo, na kwa kosa hili moja ni kweli, maana milioni nne zinashtua. Matoleo mengine ya kosa hili hayashtui kabisa, na hayo ndiyo nataka tuyaangalie. Kwanza lakini tuone linaanzia wapi.

Jedwali la ripoti limeandaliwa kwa ajili ya macho. Mtu anayesoma anataka kuona halmashauri, halafu chini aone jumla kwa wino mzito. Macho yako yanajua kwamba mstari ule si halmashauri nyingine. Kompyuta haijui. Kwake kila mstari ni mstari.

Excel yenyewe ina kinga fulani. Aliyetengeneza jumla ndogo kwa fomula hii:

```
=SUBTOTAL(9,B2:B11)
```

amefanya jambo la busara, kwa sababu `SUBTOTAL` inaporuka juu ya seli nyingine zenye `SUBTOTAL` huziacha bila kuzihesabu. Unaweza kuweka jumla ndogo kila baada ya wilaya, kisha jumla kuu chini kabisa, na jumla kuu ikatoka sahihi. `SUM` ya kawaida haina adabu hiyo. Inabeba kila tarakimu inayoikuta. Sasa ukihifadhi laha kama CSV, fomula zote zinakufa na kubaki namba tupu. Wino mzito nao unapotea, rangi pia. Yaani alama zote zilizotofautisha jumla na data zinaondoka, na kinga inaondoka nazo. Ndiyo maana faili lililokuwa sahihi kwa mwenzako linatoa majibu ya ajabu kwako, na wote wawili mnaweza kuapa kwamba hamjagusa kitu.

Tatizo hili linakuja pia kwa upande. Jedwali la sensa lina safu ya wanaume (992,347 kwa mkoa mzima), ya wanawake (1,052,858), na ya wote. Ukizikusanya safu tatu ziwe moja ili uchore grafu, kila mtu anahesabiwa mara mbili kwa upande na mara mbili kwenda chini. Mkoa unafika watu 8,180,820.

Haya, tuje kwenye lile lisiloshtua. Korogwe na Handeni, kila moja mwaka 2012 ilikuwa na halmashauri mbili: ya wilaya na ya mji. Tuseme aliyekuandalia laha aliona ni vyema kuongeza jumla ndogo kwa wilaya hizo mbili tu, kwa kuwa nyingine hazikuihitaji. Sehemu hiyo itaonekana hivi:

```
Korogwe,242038
Korogwe Mji,68308
Korogwe jumla,310346
Handeni,276646
Handeni Mji,79056
Handeni jumla,355702
```

Wewe ni mjanja, umeshasikia habari ya mstari wa mwisho, ukaufuta. Ukajumlisha. Umepata 2,711,253. Namba haijarudufika, imezidi kwa thuluthi moja hivi. Tena hebu ilinganishe na sensa ya 2022, ambayo iliupa mkoa watu 2,615,597. Mtu anayekumbuka kwamba Tanga ina watu milioni mbili na nusu na ushee ataiangalia 2,711,253 na kusema sawa, inakaribia. Kosa limejificha ndani ya matarajio yake.

Ili uone uzito wake, chukua vyandarua. Katika kampeni za kugawa vyandarua, idadi ya kununua kwa kawaida hukadiriwa kwa kugawanya watu kwa 1.8. Kwa watu 2,045,205 unapata vyandarua 1,136,225. Kwa ile 2,711,253 unapata zaidi ya 1,506,000, yaani vyandarua kama 370,000 vya watu wasiokuwepo. Huu ni mfano wa hesabu tu, lakini ndivyo namba hizi zinavyotumika.

Na kinyume chake kipo. Tuseme vyandarua ni 100,000 tu na vinagawanywa kwa uwiano wa watu. Pangani, yenye watu 54,025, inastahili 2,642. Kama mstari wa jumla kuu umebaki ndani, mgawo wa Pangani unashuka hadi 1,321, na nusu ya mzigo wote inapewa “halmashauri” iitwayo Jumla. Hapo walau kuna dalili nzuri: kundi moja likiwa na asilimia 50 kamili ya kila kitu, karibu kila mara ni mstari wa jumla. Ukitengeneza PivotTable ukamwona huyo, umemkamata.

Jumla ndogo za sehemu hazitoi dalili hiyo. Dawa yake ni kuuliza, kwa kila mstari, kama ni sawa kabisa na jumla ya mistari iliyo juu yake. 242,038 na 68,308 ni 310,346, bila kupungua hata mtu mmoja. Namba kubwa hazilingani hivyo kwa bahati.

Kuziondoa je? Wengi wanatafuta neno “jumla” na kufuta. Inafanya kazi mpaka ukutane na “JUMLA”, “Total”, au seli ambayo jina limeachwa wazi. Na Tanga ina mtego wake wa peke yake: mkoa unaitwa Tanga, na jiji linaitwa Tanga. Kwenye majedwali mengine mstari wa mkoa umeandikwa jina la mkoa tu, si neno jumla. Ukiamuru kompyuta ifute kila penye “Tanga”, umeondoa jumla na pia umewafuta wakazi 273,332 wa jiji.

Kwa hiyo mimi huwa siamini majina. Naongeza safu ya ngazi, naijaza kwa mkono (mistari yenyewe haifiki ishirini), halafu nachuja kwa ngazi hiyo:

```python
import pandas as pd
df = pd.read_csv("tanga2012.csv")
safi = df[df["Ngazi"] == "halmashauri"]
mkoa = df.loc[df["Ngazi"] == "mkoa", "Watu"].iloc[0]
assert safi["Watu"].sum() == mkoa
```

Angalia mstari wa mwisho. Jumla ya mkoa haijatupwa. Imewekwa pembeni ili iwe shahidi. Halmashauri kumi zikijumlishwa lazima zitoe namba ileile iliyochapishwa kwenye ripoti, la sivyo programu inasimama. Ikisimama na halmashauri zimepungukiwa na 273,332, unajua nani kafutwa. Ikisimama na zimezidi kwa 310,346, nenda moja kwa moja Korogwe.