"Je, wajua?" ya Desemba 9

Desemba 9 inapokaribia, makundi ya WhatsApp hufurika kadi za "Je, wajua?": bendera pembeni, picha ya Mwalimu katikati, mistari miwili ya historia chini. Mojawapo hurudi kila mwaka bila kuchoka. Inasema kwamba Desemba 9, 1961 Tanzania ilipata uhuru na Julius Nyerere akawa rais wake wa kwanza. Sentensi ni moja, makosa ni mawili.

La kwanza ni jina. Iliyopata uhuru siku ile ni Tanganyika. Zanzibar ilikuwa bado chini ya Waingereza na ilipata uhuru wake Desemba 10, 1963. Mapinduzi yakafuata Januari 12, 1964, Muungano Aprili 26, na jina Tanzania likaanza kutumika Oktoba mwaka huo huo. Ndiyo maana rangi ya buluu haikuwamo kwenye bendera iliyopandishwa Uwanja wa Taifa usiku wa manane kuamkia Desemba 9. Ile ilikuwa ya kijani, na katikati mstari mweusi uliopakana na njano juu na chini. Buluu ililetwa na Muungano. Vivyo hivyo ile picha maarufu ya Mwalimu akichanganya udongo: ni ya Aprili 1964, na kuibandika kwenye kadi ya uhuru ni kuruka zaidi ya miaka miwili.

Kosa la pili lina utamu zaidi, kwa sababu ukweli wenyewe unashangaza kuliko kosa.

Kwa mwaka mzima baada ya uhuru, Tanganyika haikuwa na rais. Mkuu wa nchi alikuwa Malkia Elizabeth wa Pili, na aliyemwakilisha Dar es Salaam ni Sir Richard Turnbull, yule yule aliyekuwa gavana wa mwisho wa kikoloni, sasa akiwa na cheo cha Gavana Mkuu. Nyerere alikuwa waziri mkuu. Hata hivyo hakukaa sana: Januari 22, 1962, wiki sita tu baada ya sherehe, alijiuzulu ili akajenge chama, na Rashidi Kawawa akashika nafasi yake. Mwalimu alirudi madarakani Desemba 9, 1962, nchi ilipokuwa jamhuri, na hapo ndipo alipoapishwa kuwa rais. Desemba 9 basi ni sikukuu mbili zilizoangukia tarehe moja, na anayezichanganya ana kisingizio.

Kadi hiyo ingeweza kusomeka hivi bila kurefuka sana: "Je, wajua? Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 9, 1961, mkuu wa nchi alikuwa Malkia wa Uingereza. Nyerere, waziri mkuu wa kwanza, alijiuzulu baada ya wiki sita. Akawa rais Desemba 9, 1962." Kila tarehe imekaa na cheo chake, na msomaji ana jambo la kubishania mezani, jambo ambalo kadi ya zamani haikumpa.

Mwenge wa Kilimanjaro nao una mtego wake. Ni kweli kwamba Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha mwenge na bendera kileleni wakati wa uhuru, na kilele kilichoitwa kwa jina la Kaisari wa Ujerumani kikapewa jina la Uhuru. Lakini maneno ya Mwalimu kuhusu kuwasha mwanga juu ya mlima huo ili umulike nje ya mipaka, ambayo kadi nyingi huyaweka kwenye usiku wa sherehe, aliyatamka katika Baraza la Kutunga Sheria Oktoba 22, 1959. Wakati huo uhuru ulikuwa bado haujapangiwa tarehe. Ukiyahamishia mwaka 1961, ahadi ya mtu ambaye bado anadai inageuka kuwa majivuno ya mtu aliyekwisha kupata.

Mtego mwingine ni wa hesabu. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Takwimu hiyo ni sahihi na huvutia macho, ila aliyekipata kile kimoja ndiye mwenye kisa. Herman Sarwatt wa Mbulu alisimama kama mgombea binafsi akamshinda mgombea rasmi wa chama, ilhali yeye mwenyewe alikuwa mwanachama wa TANU. Kadi inayosema upinzani uliambulia kiti kimoja imempa Sarwatt kambi ambayo hakuwa nayo.